Ulezi Kazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Walezi na Walelewa

Maswali haya yametoka kwa wafanyakazi wa ofisi yetu ya mjini Tanga na wa kiwanda cha mkonge kilichopo shambani. Mlezi, au menta kama wengi wenu mnavyomwita, ni mfanyakazi mzoefu anayekaa na mwenzake kwa muda maalumu ili amsaidie kukua katika kazi. Mlelewa ni huyo mwenzake. Sehemu inayohusu kutunza siri ni ndefu kuliko nyingine kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi, na ndiyo inayovunja ulezi mwingi.

Ulezi unachukua muda gani, na tunakutana mara ngapi?

Miezi 9. Miezi miwili ya mwanzo mnakutana kila baada ya wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi, kila kikao saa moja. Mwanzoni vikao vinakaribiana kwa makusudi. Watu wawili wasiozoeana wakikaa mwezi mzima bila kuonana, kikao cha pili kinageuka kuwa cha kwanza tena: salamu, historia ya kazi, na muda umekwisha.

Kikao ni kazi. Kinafanyika ndani ya saa za kazi, yaani ndani ya zile saa 45 za kawaida kwa wiki zinazotajwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Si muda wa chakula, wala si jioni wakati mtu anawahi daladala ya Pongwe. Kwa walio kiwandani, mpange na msimamizi wa zamu wiki moja kabla, na msiweke kikao wakati trela za majani zinaingia. Jani la mkonge likishakatwa halisubiri. Linatakiwa kupita kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi, kabla halijakauka, na mtu anayesikia mashine inamngoja hatazungumza la maana.

Ijumaa, vikao viishe kabla ya saa tano asubuhi. Mwezi wa Ramadhani viwekwe asubuhi mapema.

Msimamizi wangu anaweza kuwa mlezi wangu?

Hapana, hata kama mnapatana sana. Msimamizi ndiye anayejaza fomu yako ya tathmini ya utendaji, na ndiye anayepitisha likizo yako. Ukimwambia leo kwamba hujui kusoma taarifa ya mizani, mwezi wa sita ataikumbuka, atake asitake.

Hatuoanishi pia ndugu, wakwe, wala mtu na jirani yake wa ukuta mmoja. Hilo la jirani liliwachekesha baadhi yenu, lakini Ngamiani tunaijua sote.

Kukosa kikao kunahesabiwaje?

Ukitoa taarifa siku moja kabla na kutaja siku mbadala, hujakosa, umeahirisha. Msiba, ugonjwa na mashine kuharibika havihitaji taarifa ya siku moja. Ujumbe mfupi unatosha. Vikao viwili mfululizo bila neno lolote, mratibu wa mpango wa ulezi atawatafuta wote wawili, kila mtu kwa wakati wake.

Tukisema kweli, wanaokosa zaidi ni walezi. Wana vyeo, wanaitwa vikaoni ghafla, na mlelewa anaona aibu kumkumbusha mtu aliyemwamkia shikamoo asubuhi hiyo hiyo. Kwa hiyo jukumu la kupanga siku ni la mlelewa, lakini jukumu la kulinda siku hiyo ni la mlezi. Mlelewa akimkumbusha mlezi mara moja, amefanya wajibu wake. Hatakiwi kubembeleza.

Ulezi unaokufa huwa haufi kwa ugomvi. Kikao kinasogezwa, kinasogezwa tena, halafu kinakuwa cha dakika kumi mlangoni. Dalili ya mapema ni mlelewa kujibu "kila kitu kipo sawa" vikao viwili mfululizo. Hakuna kazi ambayo kila kitu kipo sawa kwa wiki sita.

Nikiona hatuendani?

Baada ya kikao cha tatu mratibu atamuuliza kila mmoja swali moja: mnaendelea au mnaachana? Ukisema mnaachana, hutaulizwa sababu na haiandikwi kwenye faili lako. Baada ya hapo bado unaweza kutoka wakati wowote, ila tunaomba mkutane mara moja ya mwisho, ili asibaki mtu anajiuliza amekosa nini.

Ninayomwambia mlezi wangu yanaishia wapi?

Yanaishia kwake. Mratibu anajua mambo mawili tu: kwamba vikao vinafanyika, na lengo mliloliandika. Haambiwi mlichozungumza. Ofisi ya utumishi haiambiwi, na meneja haambiwi.

Siri hii ni ya pande mbili. Mlezi naye anasema mambo: jinsi alivyowahi kukosa cheo, anavyomwona bosi fulani, mshahara aliokuwa akilipwa alipoanza. Mlelewa akayatoa hayo kijiweni, amevunja makubaliano sawasawa na mlezi aliyetoa ya mlelewa.

Msimamizi wa mlelewa akiniuliza anaendeleaje, nijibu nini?

Swali hili litakuja, na mara nyingi linakuja kwa nia njema. Halitakuja kwa barua. Litakuja mko kwenye foleni ya chai, kwa sauti ya kawaida: "Vipi kaka, yule binti wangu wa stoo anaendeleaje huko kwako?"

Jibu la "anaendelea vizuri" linaonekana halina madhara. Tatizo ni kwamba umeshakubali kutoa ripoti. Mwezi ujao ukijibu "mh, tunaendelea naye," umemharibia bila kutaja kosa lolote, kwa sababu msikilizaji atapima jibu la leo na lile la mwezi uliopita. Ukinyamaza kabisa nako ni kujibu. Kwa hiyo jibu liwe lile lile kila mara, kwa kila mlelewa, mambo yakiwa mazuri au mabaya: "Tunakutana kama ilivyopangwa. Mengine muulize mwenyewe, ana karatasi yake ya malengo."

Msimamizi akisisitiza, mwambie akamwone mratibu. Usibishane naye. Wala usimfiche mlelewa kwamba umeulizwa. Kikao kijacho mwambie aliyeuliza ni nani na ulijibu nini. Maneno hayo mawili yanajenga imani kuliko kuapa.

Siri huvuja vipi, ikiwa hakuna anayekusudia kuitoa?

Tanga si mji wa kupotelea. Mnasali msikiti mmoja au kanisa moja, watoto wenu wanasoma pamoja, na Jumamosi mnakutana kwenye harusi ya mtu mnayemjua wote. Tumeona njia tatu zinazojirudia.

Ya kwanza ni mfano usio na jina. Mlezi yupo kwenye kikao cha walezi, anataka ushauri, anasema, "Kuna karani mmoja wa stoo anaogopa kuongea mbele ya watu." Kampuni nzima ina makarani wa stoo watatu, na wawili kati yao ni waongeaji. Jina ameshalitaja. Kama kweli unahitaji ushauri, badilisha kitengo, badilisha jinsia, badilisha aina ya kazi, au mwombe mlelewa ruhusa kwanza.

Ya pili ni utani. Watu wanaotaniana wana uhuru wa kusemana chochote, na utani ukikolea mtu anachomoa lolote lililo karibu. "Huyu mtani wangu hesabu hajui, ndiyo maana kapewa mwalimu!" Watu wanacheka, na mlelewa anacheka pia. Wiki inayofuata haji. Utani wenu wa siku zote endeleeni nao, ila jambo lolote lililozungumzwa kikaoni halitaniwi.

Ya tatu ni simu. Mlezi anatuma ujumbe wa kirafiki kwenye kundi la wasapu la kitengo badala ya kwa mlelewa mwenyewe. Kwa hiyo ujumbe wa simu uwe wa siku, saa na mahali tu. Ya ndani yasubiri ana kwa ana.

Kuna mambo ambayo mlezi hawezi kuyafunika?

Yapo, na mlelewa anatakiwa kuyajua siku ya kwanza, kabla hajafungua mdomo. Ni haya: hatari kwa maisha au afya ya mtu, wizi au udanganyifu wa mali ya kampuni, na unyanyasaji, ikiwemo rushwa ya ngono, ambayo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007.

Namna ya kufanya ndiyo muhimu. Tuseme mlelewa anakueleza, katikati ya habari nyingine, kwamba zamu ya usiku huondoa kinga ya korona ili wachomoe majani yaliyokwama bila kuzima mashine. Yeye anaisema kama kawaida ya kazi. Wewe umesikia mkono wa mtu unakwenda kukatika. Usikimbie kwa meneja mlango wa nyuma. Simamisha mazungumzo hapo hapo, mwambie: "Hili ni katika yale niliyokwambia siwezi kukaa nayo. Ungependa ukaseme mwenyewe kwa mtu wa usalama, twende wote, au niseme mimi?" Mpe nafasi ya kuchagua, lakini si nafasi ya kuchelewa. Kwa jambo kama hili lazima taarifa ifike siku hiyo hiyo, kabla zamu ya usiku haijaingia.

Ukisema wewe, sema kilichopo kwenye mashine tu. Mtu wa usalama anahitaji kujua korona ipi, zamu ipi, kinga ipi. Hahitaji kujua kwamba mlelewa wako anagombana na kiongozi wa zamu.

Kwenye unyanyasaji mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu aliyeumizwa anaweza kuumia tena kwa namna habari inavyotoka. Hapo mlezi hampeleki mtu kwa nguvu. Anamweleza pa kwenda, anajitolea kumsindikiza, na anamjulisha mratibu kwamba kuna jambo la aina hiyo. Jina na undani vinafuata mlelewa akikubali. Isipokuwa kama bado yuko hatarini. Hapo usalama wake unatangulia.

Mlezi akiona mazungumzo yanaelekea huko, aseme mapema: "Kabla hujaendelea, kumbuka kuna mambo ambayo siwezi kuyaweka siri." Ni afadhali kumkatisha mtu kuliko kumwacha amalize ndipo umwambie.

Naruhusiwa kuandika tunayozungumza?

Andika tarehe, mlichokubaliana kufanya, na nani atafanya. Basi. Habari za ugonjwa, ndoa, madeni au dini ya mtu hazina kazi kwenye daftari lako. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kukusanya habari za mtu kunahitaji sababu halali, na habari za afya zina ulinzi mkali zaidi. Daftari lisiachwe mezani. Kompyuta ya ofisini inayotumiwa na watu wanne si mahali pa kuandikia.

Lengo linawekwaje? Mlelewa wangu anasema tu "nataka kupanda cheo".

Karibu wote huanza hivyo. Kupanda cheo hakuko mikononi mwa mlelewa wala mwa mlezi. Kunategemea nafasi, bajeti na maamuzi ya wengine. Lengo la ulezi liwe jambo ambalo mlelewa atalifanya yeye, na ambalo mtu mwingine anaweza kuliona limefanyika.

Tuchukue mfano. Tumeutunga, ili tusimweke mtu hadharani. Mlelewa ni karani wa stoo ya vipuri, mlezi ni mhasibu wa ofisi ya mjini. Ni Januari. Karani anasema anataka kupanda cheo. Mhasibu hamwambii lengo lake ni baya. Anamuuliza: "Dada, tuseme umekipata cheo hicho leo. Jumatatu asubuhi utafanya kitu gani ambacho sasa hivi hufanyi?"

Karani anafikiri. "Taarifa ya mwezi ya stoo ningeisoma mwenyewe kikaoni. Naiandaa mimi, anaisoma msimamizi. Wakiuliza swali najua jibu, lakini nanyamaza."

Hapo ndipo lengo lilipo. Wanaliandika hivi: "Kwenye kikao cha mwisho wa Juni nitawasilisha mwenyewe taarifa ya stoo mbele ya wakuu wa vitengo na kujibu maswali, na salio la beringi na mikanda nitakalosoma litakuwa limelingana na nilichohesabu rafuni." Lina tarehe, lina mahali, na mtu yeyote aliyekuwepo kikaoni atajua limetimia au halijatimia.

Kisha wanalikata vipande. Februari, karani anahesabu rafu moja tu, ya beringi, na kulinganisha na leja. Machi, anaongeza mikanda. Aprili, anamsomea mlezi taarifa nzima, na mlezi anauliza maswali magumu kama wanavyouliza wakuu wa vitengo. Mei, kwa ruhusa ya msimamizi, anasoma sehemu moja kikaoni. Juni, anasoma yote.

Februari mambo yanakwama. Leja inasema beringi 46, rafuni zipo 35. Karani anakuja kikaoni uso umemshuka, anadhani watasema ameiba. Mlezi hampi jibu. Anamuuliza boksi moja la beringi lina vipande vingapi. Vipo 12. Basi tofauti ya 11 yenyewe inaonyesha njia: mahali fulani limetoka boksi zima, lakini leja imepunguza kipande kimoja. Karani anarudi kwenye hati za kutolea mali na kuikuta, imeandikwa na fundi wa zamu ya usiku: beringi, idadi "1". Fundi alimaanisha boksi.

Sasa siri na lengo vinakutana. Mlezi ni mhasibu. Leja ile inaishia mezani kwa wenzake. Angeweza kunyanyua simu na kuirekebisha kwa dakika mbili. Asifanye hivyo. Karani aende mwenyewe kwa msimamizi wake, na hati mkononi, aeleze kosa na kupendekeza hati za kutolea mali ziwe na safu ya kipimo: boksi, kipande au mita. Mlezi akiirekebisha yeye, atakuwa ametoa la kikaoni na pia amemnyang'anya mlelewa kazi ambayo ndiyo lengo lenyewe. Msimamizi akimwambia karani "acha ilivyo, usiseme," hapo jambo limehama. Linaingia kwenye yale yasiyofunikwa, na utaratibu wa hapo juu ndio unaofuatwa.

Naweza kuweka lengo la uzalishaji, kama kuongeza idadi ya robota za nyuzi?

Usiweke. Robota za kilo 250 zinategemea majani yaliyoletwa, maji, umeme, ubovu wa mashine na watu wa brashi. Mlelewa anaweza kujitahidi kuliko wote na idadi ikashuka, au akakaa tu na idadi ikapanda kwa sababu shamba lilikatwa vizuri. Namba hizo ni za msimamizi na timu yake. Kama lengo lako lingeweza kubandikwa kwenye ubao wa kiwanda bila jina lako, bado hujapata lengo la ulezi.

Lengo linaweza kubadilishwa katikati?

Ndiyo, mara moja, na mwandike upya. Mkitaka kulibadilisha mara ya pili, zungumzeni kwanza kwa nini la kwanza na la pili yamekwama. Mara nyingi lengo lilikuwa la mlezi, mlelewa alikubali kwa heshima tu.

Mlezi ni mwanamume na mlelewa ni mwanamke. Tukutane wapi?

Mahali panapoonekana lakini pasiposikika: chumba cha mikutano chenye kioo, au meza ya pembeni ya kantini baada ya saa nne. Si nyumbani, si kwenye gari, si hotelini Raskazone hata kama chai yao ni nzuri. Utaratibu ni huo huo kwa wote, ili asiwepo anayeonekana ametengwa au amependelewa.

Mlelewa wangu ameniomba nimkopeshe pesa.

Usimkopeshe. Deni likiingia, vikao vinakwisha; atakukwepa hadi alipe. Mwelekeze kwenye Saccos ya wafanyakazi. Na ombi lenyewe ni siri kama yalivyo mengine yote.

Miezi 9 ikiisha, nini kinafuata?

Kikao cha mwisho kinatazama lile lengo: limetimia, limetimia nusu, au halikutimia, na kila mmoja anasema kilichomsaidia. Madaftari yanachanwa, ya wote wawili. Mkitaka kuendelea kama marafiki ni hiari yenu, ila mpango hauwahesabu tena.

Siri haiishi na muda. Na kama siku za mbele mlezi atapewa nafasi ya kumsaili au kumtathmini aliyekuwa mlelewa wake, aijulishe ofisi ya utumishi kwamba waliwahi kuwa kwenye ulezi, na ajitoe kwenye jopo. Aseme hivyo tu. Asiongeze neno kuhusu alichokijua kikaoni, hata kama ni la kumsifia.